Tahariri: Rangi ya alama ya kipigo haitaji siku ya kipigo

Kuna sentensi moja fupi katika cheti cha munganga ambayo inaweza kumfunga mtu asiye na kosa, ama kumwachilia mwenye kosa: "Alama hii ni ya siku tano." Mara nyingi sentensi hiyo hutoka kwenye rangi tu. Aliyeandika aliona manjano, akahesabu siku. Hesabu hiyo haina msingi, na haifai kupelekwa mbele ya tribinali.

Kinachotokea chini ya ngozi kinajulikana. Pigo linapasua mishipa midogo, damu inamwagika na kuvilia. Mwanzoni alama inaonekana nyekundu, bluu ama zambarau. Kisha chembe za mwili zinazosafisha uchafu zinaanza kuvunja rangi nyekundu ya damu. Inageuka kwanza kuwa kitu cha kijani, halafu kitu cha manjano, na chuma cha damu kinaweza kubaki kama doa la kahawia. Ndiyo sababu watu wengi wanaamini kwamba rangi zinafuatana kama siku za kalenda. Mpangilio huo ni wa kweli ndani ya mwili, lakini mwendo wake ndio unaobadilika.

Mfano: mwanamke anafika kwenye kituo cha afya Jumatano saa nne asubuhi. Anasema mume wake alimpiga Jumatatu saa mbili usiku, yaani saa 38 zilizopita. Ana alama mbili. Ile ya mkononi ni ya zambarau, ile ya chini ya jicho imeanza kuwa manjano pembeni. Muuguzi anaandika kwamba ya mkono ni ya siku mbili na ya jicho ni ya juma moja. Avoka wa mume anasoma cheti na kusema: mteja wangu alikuwa safarini juma lililopita, basi jicho lilipigwa na mtu mwingine, na huyu mama anadanganya.

Cheti ndicho kilichokosea. Ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba na laini, damu inasambaa humo kwa urahisi na rangi inageuka mapema. Mkononi damu inaweza kuvilia ndani zaidi na kukawia. Alama mbili za saa moja, kwa mtu mmoja, zinaweza kuwa na rangi tofauti kabisa. Tena damu inatembea: mtu aliyepigwa kwenye paji la uso anaweza kuamka kesho yake macho yote mawili yamevimba na kuwa meusi, ingawa hakuna aliyegusa macho yake.

Mwaka 1991, watafiti wawili wa Uingereza, Langlois na Gresham, walichunguza picha za alama za watu 89. Walichoweza kusema kwa uhakika ni kidogo: manjano haikuonekana kabla ya saa 18. Nyekundu, bluu na zambarau ziliweza kuonekana wakati wowote mpaka alama ipone. Kwa mama yule, manjano inaonyesha tu kwamba jicho huenda lina zaidi ya saa 18. Saa 38 zinaingia humo bila shida. Juma moja pia linaingia. Na kukosekana kwa manjano mkononi hakusemi lolote. Kuhusu watoto, mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2005 yalifikia uamuzi kwamba umri wa alama haujulikani kwa rangi, iwe kwa macho ama kwa picha.

Hata zile saa 18 zinahitaji uangalifu hapa kwetu. Kwenye ngozi nyeusi manjano huonekana kwa shida, tena zaidi chini ya taa ya tochi ama kwenye picha ya simu. Macho ya watu nayo hayalingani: mmoja ataona manjano pale ambapo mwenzake anaona kahawia.

Munganga anayetaka kusaidia haki aandike anachokiona: alama iko wapi, ina urefu na upana gani kwa rula, ina umbo gani, rangi zipi, kama imevimba na inauma. Apige picha mchana, rula ikiwa kando ya alama. Aandike saa ya uchunguzi na saa ambayo mgonjwa ametaja. Umbo mara nyingi linasema zaidi ya rangi: fimbo huweza kuacha mistari miwili sambamba yenye ngozi safi katikati, na vidole vilivyokaza mkono huacha vidoa vya mviringo. Mwishoni aseme kama alama zinalingana na maelezo ama zinayapinga, basi.

Afisa wa polisi, ambaye kwa Katiba hawezi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48, atatamani jibu la haraka kuhusu siku. Siku hiyo aitafute kwa majirani waliosikia kelele, kwa simu zilizopigwa usiku ule, na kwa kumwuliza mume alilala wapi Jumatatu.