Acheni kuyasingizia mafuta ya kopo!

Ni Jumapili usiku, rumu-meti anakoroma, na mimi nina hasira ya kuandika.

Mchana kantini jamaa mmoja wa mwaka wa tatu (simtaji, maana huwa anapita humu) alitangaza mbele ya meza nzima kwamba samaki wa kopo wa kwenye mafuta ni sumu, eti mwenye akili hununua wa kwenye maji tu. Meza ikaitikia kama kwaya. Nilinyamaza kwa aibu, kwa sababu imani hiyo hiyo niliibeba mpaka Liuli, kwa bibi yangu.

Stori yenyewe hii. Bibi ana presha na aliambiwa apunguze chumvi na mafuta. Likizo iliyopita bumu lilikuwa limebaki kidogo, nikaingia duka moja pale Mbinga mjini. Kulikuwa na sadini wa kwenye mafuta na jodari, yule ambaye makopo humwita tuna, wa kwenye "maji". Nikachukua makopo sita ya jodari, nikapanda gari la kushuka ziwani nikijiona daktari kabisa. Bibi alipoyaona alicheka: "Mjukuu wangu, unaleta samaki Nyasa?" Ila kwa kunipenda akafungua kopo, akamimina samaki na maji yake yote sufuriani, akaongeza chumvi kama kawaida yake, tukala na ugali wa muhogo. Kesho yake kopo la pili.

Siku ya tatu ndipo nikasoma karatasi ya kopo. Kumbe hayakuwa maji, yalikuwa maji ya chumvi! Sodiamu miligramu 400 kwa kila gramu 100, na kopo lina gramu 185. Piga hesabu: miligramu 740 za sodiamu. Ukizidisha kwa 2.5 unapata chumvi, karibu gramu 2. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, kwa vyakula vyote. Kopo moja lilikuwa na zaidi ya theluthi ya kiasi hicho, kabla Bibi hajatia ya kwake. Mimi niliyakimbia mafuta, nikamnunulia presha.

Na msidhani wa kwenye mafuta hana chumvi, maana mara nyingi naye hutiwa. Ndiyo maana mtu wa presha aanze na mstari wa sodiamu, jina la kimiminika lifuate.

Sasa hayo mafuta. Chukua kopo la sadini la gramu 125 ambalo samaki peke yake ni gramu 90. Mafuta ni gramu 35, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo ni kama kalori 315. Samaki waliochujwa vizuri hawafiki hata kalori 200. Yaani yale unayoyafuta kwa mkate yana nguvu kuliko samaki wenyewe! Kwa anayepunguza mwili hiyo ni habari mbaya, amwage. Kwa mwanachuo aliyeshinda na chai na andazi moja, hicho ni chakula, sumu iko wapi?

Ila kumwaga nako kuna hasara. Omega-3 na vitamini D ni vitu vya mafuta. Jodari akikaa kwenye mafuta, sehemu yake huhamia humo, na ukichuja unaitupa. Maji hayachanganyiki na mafuta, kwa hiyo ukichuja jodari wa kwenye maji unapoteza kidogo sana. Hapo jamaa wa kantini ana pointi, ingawa sidhani kama anaijua.

Asichokigusa kabisa ni mifupa. Sadini hupikwa ndani ya kopo mpaka mifupa inalainika, unaitafuna bila kujua, ndiyo maana gramu 100 zina kalsiamu kama miligramu 380. Jodari ni mnofu mtupu, haifiki hata 20. Mweke kwenye maji, mweke kwenye mafuta, mifupa haiji. Dagaa wa Nyasa naye huliwa mzima, na akianikwa juani bila chumvi hana kesi na presha ya mtu. Bibi alikuwa na debe lake zima jikoni siku nashuka na mfuko wangu.

Makopo manne yaliyobaki hatukuyatupa, hela ya bumu inauma jamani. Tulimwaga yale maji, tukasuuza samaki kwa maji safi mara mbili ili chumvi ipungue, tukapika na nyanya na kitunguu. Kile kikopo cha chumvi Bibi aliniamuru nikiweke juu ya kabati, asikokifikia.