Azimio la kazi halinakiliwi kutoka kwenye nukuu

UBAO NA CHAKI
Na Mwanaidi Kombo

Muhula unapokaribia kufunguliwa, walimu wengi huketi na madaftari mawili: moja la nukuu za somo, jingine limepigwa mistari kwa ajili ya azimio la kazi. Kinachofuata mara nyingi ni kunakili. Aya ya kwanza ya nukuu huingia mstari wa kwanza wa jedwali, ya pili mstari wa pili, hadi kurasa ziishe. Jedwali hujaa na kutiwa saini, lakini halisemi mwanafunzi atafanya nini darasani.

Nukuu hufuata maelezo ya mwalimu: maana, kanuni, mifano, kisha zoezi. Azimio linatakiwa kufuata hatua za mwanafunzi, na hatua hizo aghalabu hazifanani na mpangilio wa nukuu.

Mfano mzuri ni mada ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti katika shule ya msingi. Tuseme nukuu za mwalimu zinaanza na maana ya sehemu, zinaeleza kigawe kidogo cha shirika, zinatoa kanuni na mifano mitano, kisha zoezi. Kwamba 1/2 ni sawa na 3/6 kumeandikwa kwa sentensi moja tu, katikati ya ukurasa.

Mwalimu makini huanzia mwisho, kwenye zoezi. Anachukua swali la 1/2 + 1/3 na kujiuliza mtoto anahitaji kuweza nini ili apate 5/6. Kwanza, aandike sehemu moja kwa asili nyingine bila kubadili thamani yake. Pili, atafute asili ya pamoja. Tatu, ajumlishe viasi na kuiacha asili ilivyo. Hiyo ni mistari mitatu ya jedwali, kila mmoja kwa kipindi chake cha dakika 40. Sentensi moja ya nukuu imegeuka kipindi kizima, na hicho ndicho kipindi ambacho mwenye kunakili asingekiona.

Sasa yaje malengo. Mwaka 1962 Mmarekani Robert Mager aliandika kwamba lengo lililokamilika hutaja tendo linaloonekana, hali ambamo tendo hilo litafanyika, na kiwango cha kuridhisha. Kwa kipimo hicho, “mwanafunzi aelewe sehemu” si lengo, kwa sababu kuelewa hakuonekani kwa macho. “Akiwa na ukanda wa karatasi, mwanafunzi aandike 1/2 na 1/3 kwa asili ya 6 bila kukosea” ni lengo.

Lengo hilo ndilo linaloamua safu zinazofuata. Shughuli: kila mtoto anapima ukanda wa sentimita 12, anaweka alama kwenye nusu, theluthi na sudusi, kisha anahesabu sudusi ngapi zimo katika nusu na ngapi katika theluthi. Sudusi moja ni sentimita 2, kwa hiyo nusu yenye sentimita 6 ni sudusi tatu, na theluthi yenye sentimita 4 ni sudusi mbili. Zana: karatasi, rula na penseli. Zana ambayo haiguswi katika shughuli haina kazi kwenye mstari huo. Kadhalika, shughuli ya mwalimu ikiwa “kueleza” peke yake, shughuli ya mwanafunzi haitakuwa zaidi ya “kusikiliza”.

Safu ya upimaji ndiyo huharibika zaidi. Mara nyingi lengo hugeuzwa tu kuwa swali: “Je, mwanafunzi anaweza kujumlisha sehemu?” Hapo hakuna kilichopimwa. Mwalimu aandike swali lenyewe, na kando yake majibu yenye makosa anayoyatarajia. Kwa 1/2 + 1/3, mtoto anayejibu 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Aonyeshwe kwenye ukanda kwamba 2/5 ni ndogo kuliko hiyo nusu aliyoanza nayo. Anayejibu 2/6 ameipata asili ya pamoja, lakini amesahau kubadili viasi. Huyu wa pili arudishwe mstari wa kwanza, si kupewa maswali mengine kumi ya aina ileile.

Maana, kanuni na ile mifano mitano hazipotei. Zinabaki kwenye nukuu na kuingia katika andalio la somo la kila kipindi. Azimio likilazimishwa kuzibeba, safu hujaa maneno hata mwalimu mwenyewe asirudi kulisoma.

Kwa hiyo walimu wakuu na wathibiti ubora wa shule wasitosheke na kuhesabu safu zilizojazwa. Wachague mstari mmoja na kuusoma kutoka kushoto kwenda kulia: shughuli ilifikishe lengo, zana itumike katika shughuli, na swali la upimaji lipime tendo lilelile lililotajwa kwenye lengo. Palipokatika, mwalimu arudishiwe daftari arekebishe kabla ya wiki ya kwanza ya muhula, mada ikiwa bado haijafundishwa.