Binti wa Bwaise na Kauli ya Kutendwa

Mwanzoni mwa mwaka 2019 mtangazaji wa Uingereza, Stacey Dooley, alikuja Uganda kwa ajili ya filamu ya shirika la hisani la Comic Relief. Picha aliyoiweka mtandaoni akiwa amembeba mtoto mdogo ilizua mjadala mkali, na mbunge David Lammy alikuwa miongoni mwa waliolalamika. Mwaka 2020 shirika hilo lilitangaza kwamba halitawatuma tena watu mashuhuri Afrika kwa kazi ya namna hiyo, bali litawatumia watengenezaji filamu wa huku.

Uamuzi huo ni mwema, lakini haumalizi jambo. Mzaliwa wa Kampala naye aweza kumvunjia heshima jirani yake, kwa kuwa heshima hupatikana au hupotea katika mswada, kabla ya kamera kuwashwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shirika linataka filamu fupi kuhusu wasichana kubaki shuleni, nalo limechagua familia moja ya Bwaise: mama muuza makaa, na binti yake wa kidato cha pili aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Rasimu ya kwanza yasema: "Anafukuzwa shuleni, anasahauliwa, hadi anapookolewa na wafadhili." Vitenzi vyote vitatu vimo katika kauli ya kutendwa. Binti hatendi lolote. Mama hayumo kabisa. Mtazamaji ataondoka akiamini kwamba nyumba hiyo ilikaa ikingoja mgeni.

Sasa tumwulize mama yale anayoyafanya. Yeye hununua gunia la makaa, huliuza kwa makopo, na faida huitenga kidogo kidogo kwa ajili ya karo. Binti huazima daftari za mwenzake jioni na kuyanakili masomo yaliyompita. Rasimu ya pili yasema: "Mama ameshalipa nusu ya karo. Binti ananakili masomo ili asiachwe nyuma. Wanahitaji nusu iliyobaki." Shida haikufichwa, na haja ya mchango imetajwa waziwazi, ila wenye nyumba wamerudishiwa vitenzi vyao.

Jambo la pili ni utambulisho. Wengi hudhani kufifisha sura kunatosha. Kampala, sare ya shule humtaja mwanafunzi kabla ya sura yake: rangi ya sketi na nembo ya sweta vyatosha. Kibanda cha makaa, kituo cha bodaboda kilicho jirani na sauti ya mama humalizia kazi. Watakaomtambua binti si wafadhili walio mbali, bali wanafunzi wenzake wenye simu. Kipimo ni rahisi: mwonyeshe filamu mkaazi wa mtaa ule aliyekubaliwa na familia. Akimtaja binti, sura iliyofifishwa haijamlinda.

Jambo la tatu ni ridhaa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi hudai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto. Lakini sahihi ya mama anayedaiwa karo si ridhaa kamili iwapo anadhani akikataa atanyimwa msaada. Kwa hiyo karo ilipwe kwanza, na aambiwe kwamba haitarudishwa hata akikataa kurekodiwa. Kisha aulizwe mara tatu: kabla ya kurekodi, baada ya kurekodi, na baada ya kuiona filamu iliyokamilika, ikifafanuliwa kwa Kiganda. Binti naye aulizwe peke yake, maana aibu ya darasani ni yake, si ya mama.

Yapo mapingamizi. Watu wa uchangishaji husema machozi ndiyo yafunguayo mikoba. Huenda ikawa hivyo, lakini filamu ya machozi hukwepa swali kubwa zaidi. Tangu mwaka 2007 Uganda ina mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, na hata hivyo wazazi wengi bado hugharimia chakula, sare na michango ya shule, mbali na wale ambao watoto wao wako shule za binafsi. Mswada unaoonyesha uso wa mama tu humfanya yeye kuwa chanzo cha tatizo. Uongezewe sentensi moja inayotaja madai ya shule, moja baada ya jingine, na mtazamaji ataanza kuuliza nani anayapanga na kwa idhini ya nani.

Basi, msomaji wangu, ukiletewa filamu ya namna hiyo ili uchangie, vihesabu vitenzi. Angalia nani anatenda na nani anatendwa. Kisha mwulize aliyeileta: je, binti huyu ameiona?