Chati ya dhahabu: Ukuta wa dola 2,070 unavyokufundisha sapoti na rizistansi

Ukifungua chati ya dhahabu kwenye simu, ile iliyoandikwa XAUUSD, unaona bei ya wakia moja kwa dola za Marekani ikipanda na kushuka. Wanaoifuatilia hupenda kuchora mistari miwili ya kulala. Wa chini wanauita sapoti, wa juu rizistansi.

Fikiria chumba. Sapoti ni sakafu: bei ikishuka hadi hapo, wanunuzi wanajitokeza na inadunda. Rizistansi ni dari: bei ikifika hapo, wauzaji wanazidi nguvu na inarudi chini.

Dari iliyogonga mara tatu

Agosti 2020, wakati wa korona, dhahabu ilipanda hadi karibu dola 2,070 kisha ikageuka. Kufikia Machi 2021 ilikuwa karibu 1,680.

Machi 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, ilirudi pale pale karibu na 2,070. Ikageuka tena, na miezi michache baadaye ikawa chini ya 1,650. Mei 2023, baada ya benki kadhaa za Marekani kuanguka, ikagonga tena eneo lile lile na kurudi.

Kwa nini pale pale? Ni kumbukumbu ya watu. Aliyenunua kwenye kilele cha 2020 alikaa na hasara muda mrefu. Bei ikirudi alipoingilia, anauza ili atoke na pesa yake. Mwingine anakumbuka bei iligeuka hapo, naye anaweka oda ya kuuza mapema. Oda zikijazana sehemu moja, dari inajijenga.

Ndiyo maana dari si uzi mwembamba. Ni eneo. Kwa dhahabu, lilikuwa kama kati ya 2,070 na 2,080. Ukichora mstari mmoja na kuuamini hadi senti ya mwisho, utachanganyikiwa.

Usiku dari "ilipovunjika"

Jumatatu ya Desemba 4, 2023, soko lilipofunguka Asia, bei iliruka ghafla na kupita 2,130. Rekodi mpya! Saa hizo wanaofanya biashara huwa wachache, hivyo oda chache zinatosha kuirusha bei. Tena waliokuwa wameuza wakitegemea dari, walilazimika kununua ili kufunga hasara zao, wakazidi kuisukuma juu.

Sasa piga hesabu. Tuseme mtu aliona mruko huo akanunua kwa 2,100, akitumia loti 0.01, ambayo kwa dhahabu ni wakia moja. Kila dola moja ya bei ni dola moja ya faida au hasara kwake. Siku hiyo hiyo bei ilifunga karibu na 2,030. Amepoteza kama dola 70. Kama akaunti yake ilikuwa na dola 50, basi imeisha kabla ya jioni.

Kwenye chati ya siku, kila mshumaa ni siku moja. Mwili wake mnene unaonyesha bei ilipofungua na ilipofunga. Utambi mwembamba unaonyesha ilipofika tu kisha ikaondoka. Siku ile, utambi ulipita juu ya dari, lakini mwili ulifunga chini. Yaani bei ilichungulia, haikuhamia.

Ilipovunjika kweli

Machi 1, 2024, ilikuwa tofauti. Bei ilifunga juu kidogo ya 2,080, na Jumatatu iliyofuata ikafunga juu ya 2,110. Mwili mzima wa mshumaa ulikuwa juu ya dari. Mwezi ulipoisha, dhahabu ilikuwa imepita 2,200.

Hapa kuna somo la pili. Wanaofundisha husema dari ikivunjika huwa sakafu, kwa hiyo subiri bei irudi kuigusa ndipo ununue. Mara nyingi hutokea. Safari hii haikurudi hadi pale, na waliosubiri waliachwa.

Kusubiri mshumaa ufunge kunapunguza kudanganywa na utambi, ila hakukupi uhakika. Ndiyo maana wazoefu huamua kabla ya kuingia: bei ikirudi chini ya dari na kufunga, natoka, na hasara yangu itakuwa kiasi gani.

Tena mstari hausukumi bei. Mwaka 2024 kulikuwa na matarajio kwamba benki kuu ya Marekani itashusha riba, na benki kuu za nchi nyingi zilikuwa zikinunua dhahabu. Nguvu hiyo ndiyo iliyovunja dari.

Oktoba 2025 dhahabu ilivuka 4,000. Kule juu hakukuwa na bei ya zamani ya kuikumbuka, kwa hiyo hakukuwa na dari ya kuchora kutoka historia. Akikuonyesha mtu mstari juu ya rekodi, muulize kwanza: bei iligeuka hapo lini?