Tujibu mkubwa kwa kilo, si kwa kasirani

Mkubwa wa koperative alitutumia imeli. Kwenye kaye ya Mumosho tuliandika kilo 150 za kasiterite, depo wakapima 141. Tena, etikete moja haikuandikwa namba. Wengi wetu tulitaka kumpigia simu na kugomba, maana kilo 9 ni unga na minervali ya mtoto.

Lakini simu haibaki. Tuliandika, tukaanza na kosa letu: "Ndiyo mkubwa, ile namba tulisahau." Kwa kilo 9 hatukukubali wizi, wala hatukumtupia mtu wa depo. Kasiterite ilipimwa ikiwa mbichi, imetoka kuoshwa. Ikafika depo baada ya siku mbili za jua. Hata hivyo tulisema wazi, hatuna kipimo cha kuonyesha kwamba kilo zote 9 ni maji.

Njo tukapendekeza: kuanzia Jumatatu gunia lipimwe likisha kauka, mbele ya ajenti wa SAEMAPE na mtu wa shimo. Namba ya etikete isomwe kwa sauti kabla ya kuandikwa. Depo wapime mmoja wetu akiwa pale.

Kaye ya zamani haifutwi. Namba 150 inabaki. Pembeni tunaandika "mbichi", tarehe na sahihi mbili. Ukiikwangua, hata ukiwa msafi, utaonekana mwizi.

Swali moja tuliliweka peke yake mwishoni: hizo kilo 9 analipa nani? Mpaka jibu lifike, tuliomba zisikatwe kwa mchimbaji.