Rangi Zitajwe kwa Majina Yake

Katika maandalio ya somo la uchoraji ninayoyasoma kila msimu wa mazoezi ya kufundisha, lengo moja hujirudia: "Mwanafunzi aweze kuchora picha yenye rangi za kuvutia." Mimi hulipiga mstari lengo hilo, na wanachuo wengine hunung'unika. Naona yafaa nieleze sababu.

Mtoto akiambiwa "rangi za kuvutia" huelewa "rangi zote". Hupaka jua manjano, paa jekundu, majani ya kijani na anga la buluu, kisha hutafuta pa kuitia ile iliyobaki. Mwalimu akusanyapo kazi, huwa na picha arobaini na kitu za nyumba moja. Hapo hana la kusahihisha, kwa kuwa hakuagiza kitu chochote kinachoweza kupimwa.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tudhanivyo. Sifa za rangi zenye upatanisho wa kisarufi ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine aghalabu ni majina ya vitu: kijivu hutokana na jivu, kahawia na kahawa, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, na damu ya mzee haihitaji maelezo. Kutaja rangi, basi, ni kumwonyesha mtoto kitu cha kutazama.

Mwanachuo mmoja alifundisha Darasa la Nne mada ya "Mvua Inakuja". Kipindi cha kwanza kilikwenda kama nilivyoeleza, na jua lilikuwamo karibu katika kila picha, mvua au si mvua. Kwa kipindi cha pili tulikubaliana ataje rangi tatu pamoja na nyeupe. Ya kwanza ni ngeu, ule udongo mwekundu ambao mafundi seremala hupaka uzi ili wapige mstari juu ya ubao. Ya pili ni nili. Ya tatu ni rangi ya kuvumwani, ile mimea midogo laini iotayo kwenye tangi la maji upande usiopigwa na jua. Aliwapeleka watoto nje wakalitazama tangi kabla hajafungua kopo lolote.

Shule ilikuwa na rangi za unga za kawaida tu: nyekundu, manjano, buluu, nyeusi na nyeupe. Kwa ngeu alichukua vijiko viwili vya manjano, akaongeza nyekundu kidogo kidogo hadi vijiko vinne, kisha buluu kwa ncha ya kijiko. Kwa nili alitia katika buluu nyekundu kidogo na nyeusi kidogo zaidi. Rangi ya kuvumwani ndiyo iliyowashangaza wanafunzi, kwani haikutiwa buluu hata chembe: manjano ikiongezwa nyeusi kidogo hugeuka kijani kilichofifia. Vipimo hivi ni vya kuanzia tu, maana unga wa kopo moja haulingani nguvu na wa kopo jingine. Anza daima na rangi nyepesi, uongeze ile nzito. Anayeanza na nyeusi atamaliza kopo zima la manjano na kuvumwani asikione. Kisha paka kipande cha karatasi, ungoje kikauke, ukakiweke ubavuni mwa kitu chenyewe; rangi mbichi hudanganya.

Kosa moja lilitokea. Watoto kadhaa waliposikia "nili" walifikiri ile ya kufulia nguo nyeupe, wakadai buluu inayong'aa. Mwalimu aliwaelekeza watazame anga upande wa mvua, wakaelewa. Jina bila kitu cha kuonyesha halitoshi.

Kuna wavulana wawili waliochanganya ngeu na kuvumwani hata baada ya kuelezwa. Msiwakemee watoto wa namna hiyo. Wako watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao macho yao hayatenganishi vizuri wekundu na kijani. Andika jina la rangi juu ya kila kikopo, nao watafanya kazi kama wenzao.

Wapo watakaosema kwamba kuwapangia watoto rangi ni kuwanyima uhuru. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama mwalimu angesema pia kila rangi ipakwe wapi. Hilo asilifanye kamwe. Katika kipindi kile msichana mmoja alipaka madimbwi kwa ngeu. Jirani yake akamcheka kwamba maji ni ya buluu. Msichana akamwonyesha uwanja wa shule kupitia dirishani, ambako maji ya mvua ya jana yalikuwa yametuama juu ya udongo mwekundu. Jirani akatazama kwa muda, akarudi kwenye karatasi yake, akaomba kikopo cha ngeu.