Mizani Iliyomo Ndani ya "-me-"

Desemba ikifika, mabasi ya kutoka Dar es Salaam huishusha Moshi familia moja baada ya nyingine. Wengi hupanda magari mengine kwenda Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, kula Krismasi migombani kwao. Sisi tulioko Njoro, hapa mjini, huwaona wakipita na huwasikia wakipokewa. Neno la kwanza la mapokezi hayo mara nyingi si salamu. Ni hukumu: "Umenenepa!" "Mbona umekonda?" "Umezeeka, ndugu yangu!" Mgeni hajatua hata begi, na mwili wake umekwisha kutolewa matokeo.

Nami nimekuwa miongoni mwa mahakimu hao. Miaka michache iliyopita nilikutana sokoni na dada mmoja wa jirani ambaye sikuwa nimemwona kwa muda. Nilimwona tumbo, nikachangamka: "Hongera! Unatarajia lini?" Alinitazama kitambo, akasema kwa sauti ya chini, "Nilijifungua mwezi uliopita, dada. Mtoto hakukaa." Kisha akainama kuchagua nyanya, na mimi nikabaki na hongera yangu mkononi kama mtu aliyeshika sahani ya harusi mlangoni pa msiba.

Baadaye nilijifunza jambo ambalo mkunga yeyote angeniambia: mji wa mimba huchukua takriban wiki 6 baada ya kujifungua kurejea ukubwa wake, na misuli ya tumbo huweza kuchukua muda mrefu zaidi. Tumbo peke yake halisemi kama mtoto anakuja, amekuja au ameondoka. Vilevile, mimba nyingi zinazoharibika huharibika ndani ya wiki 12 za mwanzo, wakati ambapo mwenyewe pengine hajamwambia mtu. Anayeuliza huwa anabahatisha, na gharama ya kukosea hailipi yeye.

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, nimejiuliza neno hilo huumiza kwa sehemu gani. Wengi hudhani tatizo ni ukali wa msamiati, hivyo hukimbilia tafsida. Badala ya "umenenepa" husema "umenawiri"; badala ya "ana mimba" husema "ni mja mzito"; badala ya "umekonda" husema "umepungua kidogo". Tafsida ni hazina yetu na siidharau. "Kunawiri" lina nuru ndani yake, wakati "kunona" tumeliachia ng'ombe na mbuzi. Hata hivyo, mtu anayeteseka na uzito wake akiambiwa "umenawiri" huku msemaji akimpima kiunoni kwa macho, husikia kile kile alichokusudiwa kusikia.

Naona jeraha limo katika silabi moja: "-me-". Kiambishi hiki hutueleza tendo lililokamilika na hali iliyobaki baada yake. Mlango umefunguka: ulikuwa umefungwa, sasa uko wazi. Kwa hiyo "umenenepa" huiweka miili miwili kando kwa kando, ule wa zamani niliouhifadhi kichwani na huu ulioko mbele yangu, kisha hutangaza tofauti. Msemaji hujifanya mtunza daftari la mwili usio wake.

Tazama neno "mzee". Likiwa nomino ni heshima. Tunampa mtu kiti, tunamwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba. Shina hilo hilo likivishwa "-me-", likawa "umezeeka", heshima yote humwagika. Umri haujabadilika. Kilichobadilika ni kwamba nomino inampa mtu nafasi, na kitenzi kinamhesabia alichopoteza.

Nitajibiwa kwamba hizi ni mila zetu, na kwamba mlimani unene ulikuwa sifa. Ni kweli, na jibu hilo linastahili kusikilizwa. Kwa desturi ya Wachaga, mzazi hukaa ndani miezi kama mitatu, akilishwa mtori wa ndizi na nyama, maziwa na mafuta. Siku ya kutoka, akiambiwa amenenepa, sifa ile haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ushahidi kwamba mume na mama mkwe walimtunza. Neno lilikuwa na muktadha: kila aliyelisikia alijua lilikosifu.

Lakini muktadha husafiri na neno hubaki. "Umekonda" nalo lilibadilika. Ukimwi ulipoingia, wagonjwa wa kwanza nchini wakaripotiwa Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu wakauita ugonjwa huo "silimu", yaani wembamba. Tangu hapo, kwa kizazi kizima, kumwambia mtu "umekonda" mbele za watu kulikaribia kumshtaki. Wapo ambao mpaka leo husikia shtaka hilo. Mila iliyolipa neno maana njema haiwezi kulilinda pale maana ilipokwisha kuhama.

Basi tuseme nini? Hatuna haja ya kubuni chochote. Kiswahili kilikwisha kututengenezea salamu zinazouliza siku za mtu na kuuacha mwili wake: "Habari za siku nyingi?" "Za huko utokako?" Maswali haya humwachia mwenyewe uamuzi wa kusimulia au kujibu "nzuri" na kupita. Njia ya pili ni kukihamisha kiima cha sentensi. Badala ya "umebadilika", sema "nimefurahi kukuona". "-me-" imebaki pale pale, lakini sasa inaeleza mabadiliko yaliyotokea ndani yangu, na hayo nina haki ya kuyatangaza.

Ukitaka kusifu, sifu alichokichagua mwenyewe asubuhi ile: "Kitenge hiki kimekukaa vizuri." Lakini ishia hapo, ukiongeza "kimekupunguza", umeitoa mizani kabatini tena. Na kwa mimba kanuni ni nyepesi: subiri uambiwe. Ukishaambiwa, "hongera" na "nikusaidie nini?" zinatosha, ukubwa wa tumbo, mapacha na rangi ya uso havikuhusu.

Kuna mahali kunyamaza si wema. Mtu akipungua ghafla bila kukusudia, huenda ni kisukari, kifua kikuu au huzuni, na anayempenda hapaswi kufumba macho. Hapo panahitaji faragha, na swali linalogusa maisha yake kuliko umbo lake: "Nimekuwa nikikuwaza. Unalala vizuri? Chakula kinapita?" Akijibu, utakuwa umepata nafasi ya kumsindikiza hospitali. Ukimtangazia "umekonda!" mbele ya watu sokoni, atakuambia ni kazi nyingi, na mlango utakuwa umefungwa.

Yule dada nilimwendea nyumbani jioni ile. Sikuomba radhi kwa maneno mengi. Nilisema, "Pole, dada. Nimekuja kukaa nawe." Tulikaa mpaka giza likaingia, na alinitajia jina alilokuwa amempa mtoto. Ndilo lililonisukuma kuandika haya, na kuyafunga kwa ubeti huu:

Tukikutana njiani, siku zangu niulize,
Usinipime mwilini, uzito usiukweze,
Kama kuna la moyoni, taratibu nieleze,
Neno lipite kinywani, moyo wangu liupoze.